Uzi: Fundi wangu kaniletea barua ya usajili ameshaiandika mwenyewe, anataka sahihi tu

#1 msimamizi_shimanzi (Jumanne, saa 1:40 usiku)

Wakuu, salaam. Nasimamia karakana ya umeme na pampu kwenye kiwanda kimoja upande wa Shimanzi, jina naliacha. Nina kijana mwenye diploma, fundi sanifu, na sasa anataka kusajiliwa KETRB. Anahitaji barua kutoka kwangu inayoeleza kazi alizofanya chini ya usimamizi wangu.

Leo kaja na barua ameshaichapa, kurasa mbili, imebaki sahihi. Nikaipeleka nyumbani niisome kwa utulivu. Barua inasema kijana "aliongoza uwashaji wa kwanza wa pampu tatu". Inasema nimemsimamia tangu 2019, ilhali kwangu alikuja Machi 2022. Mwisho inasema sijawahi kumwona akikosea.

Kijana ni mzuri, hilo silipingi, na usajili anaustahili. Lakini pampu hizo tatu nazijua moja moja, na hakuziongoza. Nikikataa ataona namwekea kinyongo. Nikitia sahihi nimesema uongo kwa jina langu. Nyinyi mngefanyaje?

#2 Mtwapa254 (saa 1:52)

Tia sahihi ulale. Barua yako ya kwanza ya kazi aliandika nani, malaika?

#3 Kijana_wa_Mikindani (saa 2:03)

Kaka mimi naona barua ya kuombea kazi isiwe ndefu, ukurasa mmoja watosha. Mwandikie ni mchapakazi, anafika mapema, anaelewana na wenziwe. Mimi ya kwangu iliandikwa hivyo na nikapata kazi bandarini mwezi uleule.

#4 WayaTatu (saa 2:10)

@Kijana_wa_Mikindani haombi kazi, soma tena #1.

@msimamizi, tatizo lako ni dogo. Wewe huna haki ya kutia sahihi hata kidogo kama hujasajiliwa EBK. Mhandisi pekee ndiye anayethibitisha kazi ya uhandisi. Kisha kijana akachukue leseni ya EPRA, amalize. Usajili wa kweli wa fundi umeme ni huo.

#5 MamaPampu (saa 2:31)

WayaTatu umechanganya bodi tatu kwenye sufuria moja. EBK ni ya wahandisi, kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011. Mafundi sanifu na wanateknolojia wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa na Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016. EPRA inatoa leseni ya kufanya kazi ya kufunga umeme, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Leseni ya EPRA haikufanyi kuwa umesajiliwa kitaaluma, na usajili haukupi ruhusa ya kwenda kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu. Mimi nina vyote viwili na kila kimoja nilikipigia foleni yake.

Nani anafaa kutia sahihi, fomu yenyewe inasema, kijana aisome. Lakini msimamizi aliyemwona akifanya kazi ndiye mwenye la kusema. Mhandisi wa Nairobi ambaye hajawahi kumwona akishika bisibisi atasema nini?

#6 Mtwapa254 (saa 2:34)

Atasema ni mchapakazi, anafika mapema, anaelewana na wenziwe 😂

#7 BiKalamu (saa 3:05)

Mimi si fundi, niko upande wa rasilimali watu, ila miaka kadhaa nimekaa kwenye kamati za kupandisha mafundi vyeo, na barua za wasimamizi nimesoma mpaka macho yakachoka. @msimamizi tueleze kitu kimoja kwanza. Kwenye hizo pampu tatu, kijana alifanya nini hasa? Usituambie alivyo, tuambie alichofanya kwa mikono yake, na wewe ulikuwa umesimama wapi.

#8 msimamizi_shimanzi (saa 3:48)

Swali zuri, dada. Ngoja nieleze taratibu.

Pampu zenyewe ni za maji ya kupoozea, mota za kilowati 30, volti 415. Kibati cha mota kinasema ampea 54. Zinawashwa kwa staa-delta. Paneli ya pampu ya kwanza kijana aliifunga mwenyewe kutoka kwenye mchoro, mimi nikimkagua kila hatua. Ya pili aliifunga peke yake, nikaikagua ilipokwisha. Ya tatu ilifungwa na fundi mwingine, yeye hakuigusa isipokuwa siku moja ambayo nitaieleza. Siku za kuwasha alikuja injinia wa muuzaji, na huyo ndiye aliyeongoza. Kijana alikuwa na kalamu na karatasi, anaandika ampea na presha anavyotajiwa. Kazi ya maana, lakini si kuongoza.

Sasa kosa. Pampu ya kwanza, kijana alisoma 54 kwenye kibati akaagiza relei ya ovalodi ya ampea 48 mpaka 65, akaifunga chini ya kontakta kubwa na kuiweka kwenye 54. Niliiona siku ya ukaguzi kabla ya umeme kuingizwa. Tukaitoa, tukangoja siku mbili relei nyingine ije kutoka dukani mjini.

#9 WayaTatu (saa 3:55)

Sasa kosa liko wapi hapo? Kibati kinasema 54, ovalodi unaweka 54. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nimefanya miaka kumi na mbili, na mota zangu zinazunguka hadi leo.

#10 Daktari_wa_Mota (saa 4:12)

WayaTatu, karibu karakana kwangu Majengo nikuonyeshe mota za watu wanaoweka 54. Nazisuka upya kila wiki, ndizo zinazonilipia karo ya watoto, kwa hiyo pengine nisikusahihishe.

Inategemea relei umeiweka wapi. Ukiiweka kwenye waya zinazoingia, kabla hazijagawanyika kwenda kwa kontakta, inaona mkondo wote wa laini, na hapo 54 ni sawa, uko sahihi. Lakini kwenye paneli nyingi za staa-delta relei inaning'inia moja kwa moja chini ya kontakta kubwa. Hapo iko ndani ya pembetatu, yaani ile delta. Inaona mkondo wa koili tu, ambao ni ule wa laini gawanya kwa 1.73. 54 gawanya 1.73 unapata 31 na kidogo. Ukiiacha kwenye 54, mota itakula ampea 93 za laini kabla relei haijaanza kuona kuna shida. Mota ya 54 ikila 80 kutwa nzima, relei imelala usingizi, na koili zinanuka.

Ndiyo maana yako hazijaungua bado, WayaTatu: mota ambayo haijazidiwa haihitaji relei. Siku beringi itakapokaza ndipo utakaponitafuta.

@msimamizi ile relei mpya ilikuwa ya ngapi mpaka ngapi?

#11 msimamizi_shimanzi (saa 4:20)

30 mpaka 40, tukaiweka 31.

#12 WayaTatu (saa 4:41)

Sawa Daktari, hilo la mahali pa relei nakubali, kesho naenda kuangalia paneli mbili pale Bamburi kimyakimya 🙈. Lakini nasimama na langu: kosa kama hilo hata mwenye uzoefu wa miaka kumi na mbili analifanya. Kwa nini limchafulie kijana barua?

#13 Mtwapa254 (saa 4:44)

"Mwenye uzoefu wa miaka kumi na mbili" ni nani tena? Nauliza tu.

#14 Mtwapa254 (Jumatano, saa 12:58 asubuhi)

Sasa niseme la maana maana jana nilitania sana. Anayesoma barua hizo ana rundo mezani. Hatafuti sababu ya kukubali, anatafuta sababu ya kuirudisha faili ili rundo lipungue. Ukiandika neno "kosa" umempa sababu. Usiseme uongo, toa yale ya 2019, toa "aliongoza", lakini na kosa usilitaje. Kunyamaza si kudanganya.

#15 BiKalamu (saa 2:10 asubuhi)

Mtwapa mimi ndiye nilikuwa na rundo mezani, kwa hiyo niseme nilivyokuwa nikisoma.

Barua yenye sifa tupu nilikuwa naipitisha macho tu, sikumbuki hata moja. Kilichonisimamisha ni mambo kutokwenda sawa. Daftari la kazi la fundi linasema Agosti alikuwa akifunga paneli ya pampu ya pili, maelezo yake mwenyewe yanasema alikuwa akiwasha, barua ya msimamizi inasema aliongoza. Watu watatu, hadithi tatu, na wawili kati yao ni mtu yuleyule. Hapo namwita fundi ofisini na swali langu ni moja: niambie siku hiyo ulisimama wapi na ulishika nini. Mtu aliyeandikiwa "aliongoza" anaulizwa maswali ya aliyeongoza. Injinia wa muuzaji aliweka presha ngapi, kwa nini alisubiri kabla ya kuwasha ya pili, ni nani alikubali kupokea. Kijana aliyekuwa anashika kalamu hana majibu hayo, na anaonekana mwongo ilhali kazi yake halisi ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo neno "aliongoza" halimsaidii, linamtia kwenye mtihani ambao si wake. Kuhusu kosa, mimi ningeliandika. Barua iliyosema "alikosea hivi, tukamwonyesha, mara ya pili akafanya hivi" ndiyo niliyokuwa naiamini yote, mpaka na sifa zake.

#16 Baharia_Mstaafu (saa 3:30 asubuhi)

Asalaam aleikum wote. Nimekuwa injinia wa meli, sasa niko nyumbani Kizingo nahesabu meli za wenzangu zikipita mlangoni.

Sisi baharini jambo hili tulilimaliza zamani. Ukitaka kufanya mtihani wa cheti, unahitaji hati ya utumishi baharini kutoka kwa injinia mkuu na nahodha. Hati ile haina mapambo. Umepanda lini, umeshuka lini, injini ya aina gani na kilowati ngapi, umesimama zamu au hukusimama, na kama ulisimama, peke yako au chini ya mwingine. Basi. Mwenendo unapewa mstari mmoja. Hakuna aliyeandika "alifungua vali isiyo yake usiku wa manane", hata kama alifungua, na mimi nilifungua.

Kwa hiyo mimi simo upande wa BiKalamu wala wa Mtwapa. Barua ya usimamizi ipime daraja la jukumu. Kosa lililosahihishwa kabla ya umeme kuingia ni mafunzo ya kawaida, mahali pake ni daftarini. Ukiliweka kwenye barua unalipa ukubwa ambao halikuwa nao.

#17 BiKalamu (saa 3:41)

Mzee nakusikia, lakini nyinyi mlikuwa na mtihani baada ya hati. Hati ilikuwa ya kufungua mlango tu. Huku barua yenyewe inabeba mzigo mkubwa zaidi.

#18 Baharia_Mstaafu (saa 3:50)

Hilo ni kweli, mwanangu. Lakini siondoki nilipo.

#19 Kijana_wa_Mikindani (saa 6:15 mchana)

Samahani nilikuwa sijaelewa jana, sasa nimesoma uzi wote. Mimi pia ni fundi na nitahitaji barua kama hiyo, nataka kuuliza kitu kinachonisumbua. Relei ya 48 mpaka 65 haikuja yenyewe. Kijana aliijaza kwenye fomu ya kuagiza vifaa. Kwetu fomu ya vifaa lazima msimamizi aitie sahihi. Nani aliitia?

#20 Mtwapa254 (saa 6:17)

Uuuwi. Mikindani kaamka.

#21 msimamizi_shimanzi (saa 8:02 mchana)

Niliitia mimi.

Nimekaa na swali hili tangu nitoke kula. Fomu ile ilikuwa na vitu vingi, kontakta, waya, tayi za waya, na mstari mmoja wa relei. Nikatia sahihi nikiwa nimesimama, simu sikioni. Ningesoma ule mstari ningejua pale pale, kwa sababu mchoro niliuchora mimi na relei niliiweka mimi ndani ya pembetatu. Wala mchoro wangu haukuandika ampea za relei, uliandika "ovalodi" tu. Kijana alijaza pengo nililoliacha.

Kwa hiyo nikiandika "alikosea", nusu ya kosa ni yangu. Sijui kama barua ina mahali pa hilo.

#22 Daktari_wa_Mota (saa 8:20)

Ina mahali. Andika "mchoro nilioutoa haukuonyesha kiwango cha relei". Maneno machache tu. Fundi mwenzio akisoma ataelewa yote.

#23 WayaTatu (saa 8:26)

Hapo sasa mnataka msimamizi ajiripoti mwenyewe kwa bodi. Barua ni ya kijana au ya kesi?

#24 MamaPampu (saa 9:14 alasiri)

WayaTatu, wanaposoma barua wanataka kujua fundi alisimamiwaje. Msimamizi asipoeleza, wataona fundi aliyekosea hesabu rahisi. Akieleza, wataona fundi aliyepewa mchoro pungufu, ambalo ni jambo la kila siku.

Kwangu ilikuwa hivi. Nilipoomba mimi nilikuwa kwenye mradi wa maji kule Kwale. Msimamizi wangu aliandika kwamba nilipima visima kumi na viwili. Nilikuwa nimepima saba, vitano nilivikuta na karatasi za mtu aliyenitangulia. Nilimrudia nikamwomba abadilishe, akanicheka, "nani atahesabu?" Akabadilisha, lakini wiki nzima alikuwa ananiita Bibi Saba. Kwenye mahojiano niliulizwa kisima kimoja tu, kile kilichokuwa na maji ya chumvi, na kwa bahati kilikuwa kati ya saba zangu. Sijui ingekuwaje kingekuwa kati ya vile vitano.

Sasa kuhusu 2019. Hilo halina mjadala. Wewe andika Machi 2022 mpaka leo, na kama uliondoka miezi kadhaa kwenda likizo ya ugonjwa au mafunzo, andika. Miaka ya nyuma atafute aliyemsimamia wakati ule.

#25 msimamizi_shimanzi (saa 9:30)

Aliyemsimamia yuko Doha sasa. Kijana anasema ndiyo maana akaona aniandike mimi kwa miaka yote, ionekane kitu kimoja.

#26 MamaPampu (saa 9:33)

Doha kuna WhatsApp. Ampigie, amwombe barua ya miaka yake, ikiwa na mhuri wa nafasi yake ya wakati ule au maelezo ya alikuwa nani. Barua mbili fupi za kweli zina nguvu kuliko moja ndefu iliyounganishwa kwa gundi.

#27 Mtwapa254 (saa 9:40)

Na kama wa Doha alimsimamia akiwa na simu sikioni pia?

#28 Daktari_wa_Mota (saa 11:05 jioni)

Jamani natoka kidogo kwenye mada. @msimamizi hizo mota kabla ya kuwashwa mlizipima megga? Maana mota ikikaa uani kwenye msimu wa mvua za masika, kwa hewa hii yetu ya chumvi, inakunywa maji kama nanasi.

#29 msimamizi_shimanzi (saa 11:20)

Tulizipima zote kwa volti 500. Mbili zilikuwa sawa. Moja ilikuwa imekaa nje chini ya turubai, ikasoma megaomu 0.8. Kijana ndiye aliyeipima, na ndiye aliyekataa isifungwe hata mimi nilipokuwa na haraka. Tukaiweka ndani na taa za kupasha joto siku mbili, ikapanda hadi 40. Kasoro yake moja tu: mara ya kwanza aliandika 0.8 bila kuandika joto la mota.

#30 WayaTatu (saa 11:24)

Joto la nini tena? Megaomu ni megaomu. Na moja inatosha, mbona.

#31 Daktari_wa_Mota (saa 11:39)

Mota ikipoa digrii kumi, megaomu zinakaribia kujizidisha mara mbili. Asubuhi na mchana mota ileile inakupa namba mbili tofauti. Bila joto namba yako haina kwao. Na hiyo "moja inatosha" ni ya mota za kizamani. Hizi ndogo za volti 415 za siku hizi, ukileta kwangu chini ya 5 zikiwa na joto la digrii 40 siipokei mpaka ikauke.

#32 Baharia_Mstaafu (saa 11:45)

Kwenye meli tuliwasha na moja, tena tukishukuru. Lakini hatukuwa na duka nyuma ya meli.

#33 BiKalamu (saa 12:10 jioni)

Sijui megaomu ni mnyama gani, lakini nyinyi nyote mmepita juu ya dhahabu. Kijana aliambiwa na bosi mwenye haraka aifunge mota, akakataa kwa sababu ya namba aliyoisoma mwenyewe. Hilo limo kwenye barua aliyoiandika?

#34 msimamizi_shimanzi (saa 12:13)

Halimo. Kaandika "ana uwezo mkubwa wa kufanya maamuzi".

#35 BiKalamu (saa 12:15)

Ndiyo hiyo. Toa uwezo mkubwa, weka 0.8.

#36 msimamizi_shimanzi (saa 3:50 usiku)

Nimeandika upya. Nimezungumza na kijana kwanza, alinuna kidogo kisha akatulia. Barua yenyewe itakuwa ya Kizungu, hapa naiweka sehemu ya kati kwa lugha yetu muikosoe:

"Nimemsimamia moja kwa moja tangu Machi 2022, kwa kawaida siku tano kwa wiki. Kazi zake za kabla ya hapo sikuzishuhudia na sizisemei.

Katika ufungaji wa pampu tatu za kilowati 30, alifunga paneli ya pampu ya kwanza nikimkagua kila hatua, na ya pili peke yake, nikaikagua ilipokamilika. Ya tatu ilifungwa na fundi mwingine. Uwashaji wa kwanza uliongozwa na mhandisi wa muuzaji. Yeye alirekodi vipimo.

Kwenye paneli ya kwanza alichagua relei ya ovalodi kwa ampea za laini ilhali ilifungwa ndani ya pembetatu. Mchoro nilioutoa haukuonyesha kiwango, na fomu ya vifaa niliiidhinisha mimi. Nililiona kwenye ukaguzi kabla ya umeme. Kwenye paneli ya pili alihesabu kiwango mwenyewe, na pampu ilipokuwa ikizunguka alinionyesha kwa klampu mita ampea 47 kwenye laini na 27 kwenye relei. Wiki iliyofuata aliomba akague paneli ya tatu, akakuta relei imewekwa kwa ampea za laini, akaniripoti kabla haijawashwa.

Alipima ukinzani wa mota zote tatu. Mota moja ilisoma megaomu 0.8, na alikataa kuifunga ingawa niliharakisha. Alikuwa sahihi.

Sijamwona akifanya kazi kwenye volti za juu, wala akisimamia mafundi wengine, kwa hiyo siwezi kuyathibitisha hayo."

#37 Mtwapa254 (saa 3:58)

Subiri. Paneli ya tatu ilikuwa na kosa lilelile, iliyofungwa na fundi mwingine, kutoka mchoro uleule wako? Bosi, mchoro huo sasa umeuandika ampea au bado?

#38 msimamizi_shimanzi (saa 4:01)

Nimeuandika. Acha kunichoma.

#39 Daktari_wa_Mota (saa 4:07)

47 na 27, hesabu inakubali. Barua nzuri.

#40 Baharia_Mstaafu (saa 4:30)

Imenyooka. Ningeufuta ule mwanzo wa aya ya relei, nianzie "kwenye paneli ya pili alihesabu kiwango mwenyewe". Na ule mstari wa mwisho wa ambayo hukuyaona ningeupandisha juu, karibu na tarehe. Msomaji ajue mipaka kabla hajaingia ndani.

#41 BiKalamu (saa 4:36)

Mzee ukifuta mwanzo, habari ya paneli ya tatu inapoteza maana. Kwa nini aliomba aikague? Kwa sababu alikuwa ameshaungua kidole kwenye ya kwanza.

#42 Baharia_Mstaafu (saa 4:40)

Hilo la kidole limenipata. Lakini bado ningefuta.

#43 Kijana_wa_Mikindani (saa 4:52)

Mimi kama ningekuwa huyo fundi ningeomba sentensi ya kosa ibaki, kwa sababu sifa yangu kubwa iko kwenye sentensi inayofuata. Ila ningetaka kuiona barua kabla haijatumwa. Kuna wasimamizi wanaotuma barua imefungwa, huijui ina nini mpaka siku ya mahojiano.

#44 WayaTatu (saa 5:03)

Iliyofungwa ndiyo inayoaminika. Akiisoma kwanza, msimamizi ataogopa kuandika ukweli.

#45 MamaPampu (saa 5:10)

Au akiisoma kwanza atakwambia visima ni saba si kumi na viwili. Mimi niliiona ya kwangu, na aliyesahihisha ukweli ndani yake ni mimi.

#46 WayaTatu (saa 5:15)

Wewe ni mmoja kati ya mia, Bibi Saba.

#47 msimamizi_shimanzi (Alhamisi, saa 1:20 asubuhi)

Kijana ameisoma usiku, nimemtumia. Amebadilisha kitu kimoja tu: anasema kwenye klampu mita ilikuwa 26 si 27, daftari lake linaonyesha hivyo. Nimeangalia, kweli 26. Sentensi ya kosa kasema iachwe. Ya 2019 ameshampigia wa Doha.

Swali la mwisho, bodi inataka mhuri wa kampuni au sahihi na jina langu linatosha? Mhuri wetu unashikwa na mhasibu na mhasibu yuko likizo Lamu.

#48 Mtwapa254 (saa 1:31)

Lamu mhasibu hatoki leo wala kesho. Mpigie aseme kafungia kabati gani.

#49 Daktari_wa_Mota (saa 1:45)

26 kwa 47? Gawanya tena, inatakiwa 27 na kitu. Klampu yenu ina umri gani?